Neno Moja, Kisha Kimya

Baba yangu alifariki Tanga mwaka 2003, katika chumba kimoja kilichojaa ndugu, majirani na marafiki zake wa baraza. Saratani ya ini ilikuwa imemmaliza kwa muda wa miezi 5. Jioni ile, tangu baada ya swala ya magharibi, kila aliyeingia aliinama sikioni mwake na kumwambia, "Sema la ilaha illa Llah." Baba aliitamka. Nilikuwa nimekaa karibu na mto wake, nikaiona midomo yake ikilitamka neno lote hadi mwisho, na baadaye kidogo akalitamka tena. Lakini kila mgeni alitaka kulisikia kwa masikio yake mwenyewe, na aliyeketi mbali alipaza sauti ili amfikie mgonjwa, hata ilipofika usiku wa manane kile kilichoanza kama ukumbusho kilikuwa kimegeuka kelele. Ndipo baba akaugeuzia ukuta uso wake. Shangazi alipoona hivyo akaangua kilio, akidhani kaka yake anaikataa shahada.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Nilijua kupima mapigo ya moyo na kubadilisha shuka mgonjwa akiwa amelala juu yake, lakini hakuna mwalimu aliyekuwa amenifundisha namna ya kukaa na mtu anayekata roho, nami nikanyamaza kwa woga.

Aliyetuokoa alikuwa maalim aliyetusomesha Kurani utotoni. Aliingia, akatoa salamu, akawaomba watu wote watoke isipokuwa mama, shangazi, kaka yangu na mimi. Kisha akauliza kibla kiko wapi. Kwetu pwani kibla ni kaskazini, na kitanda cha baba kilikuwa kimeelekea mashariki. Sunna ni kumlaza mgonjwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, lakini tumbo la baba lilikuwa limejaa maji na kila tulipojaribu kumgeuza alikunja uso. Maalim akatuzuia. Alisema inatosha alale chali, miguu ielekee kibla, na kichwa kiinuliwe kwa mto ili uso utazame kaskazini. Tukakigeuza kitanda chenyewe, na mgonjwa hatukumgusa.

Baada ya hapo maalim alikaa kimya kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Kisha akatamka shahada mara moja, kwa sauti ya mtu anayejikumbusha mwenyewe, bila neno "sema" mbele yake. Midomo ya baba ikacheza. Maalim hakurudia. Alifungua msahafu na kusoma Yasini kwa sauti ya chini, na alipomaliza akaufunga na kunyamaza, nasi sote tukanyamaza.

Siku ya tatu ya matanga nilimfuata barazani nikamuuliza kwa nini hakurudia, ilhali hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inatuagiza tuwalakinie, yaani tuwakumbushe shahada, watu wetu wanaokaribia kufa. Akanieleza kwamba agizo lipo, lakini wanazuoni wameliwekea adabu zake. Alinisimulia habari ya Abdullah bin al-Mubarak, mwanazuoni wa karne ya 2 ya Hijra, ambayo Tirmidhi ameipokea: alipokuwa anakufa, mtu mmoja alimlakinia na kumrudiarudia, naye akamjibu kwamba akishaitamka mara moja basi yuko juu yake maadamu hajasema neno jingine. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Mgonjwa akishasema anaachwa. Akizungumza jambo jingine baadaye, hata akiomba maji, ndipo hukumbushwa tena kwa upole ili shahada iwe neno lake la mwisho. Imamu Nawawi, ambaye watu wa madhehebu yetu ya Shafi humtegemea sana, ameeleza sababu: mtu aliye katika dhiki ya sakarati akisumbuliwa anaweza kuchukia moyoni, au akatoa neno lisilofaa. Kisha maalim akaniambia jambo ambalo sikulitarajia, kwamba ni bora anayelakinia asiwe mrithi, wala mtu ambaye mgonjwa anaweza kumdhania kuwa anakingojea kifo chake. Nikawakumbuka wale waliokuwa wakimpigia baba kelele, na nikakumbuka kwamba wawili kati yao walikuwa na maneno naye juu ya shamba la minazi.

Tangu siku hiyo nimekaa kando ya vitanda vingi, kwa kuwa nilipomaliza masomo niliingia katika tiba shufaa, kazi ya kuwatunza nyumbani wagonjwa ambao tiba ya kuponya imefika mwisho wake. Wengi kati yao hawakuwa Waislamu. Mmoja alikuwa mzee wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa, ambaye mkewe alihifadhi kabatini kichupa cha maji ya mto Ganga kilichozibwa kwa nta, akikingojea siku hiyo kwa miaka mingi. Saa ilipokaribia walimshusha mzee kutoka kitandani wakamlaza sakafuni juu ya shuka safi, karibu na ardhi, kama desturi yao inavyotaka, na mwanawe akaweka kinywani jani la tulasi, mmea wa jamii moja na mrihani na kivumbasi chetu. Aliposhika kijiko cha maji nilimwomba atumie matone tu, kwa sababu baba yake alikuwa hawezi tena kumeza na kijiko kizima kingeweza kuingia mapafuni. Akachovya kidole na kuilowesha midomo. Mkewe alikaa miguuni akiwa ameishika nyayo za mumewe kwa mikono miwili, na jina la Ram lilisemwa sikioni kwa sauti ambayo mimi, niliyekuwa hatua mbili tu kutoka pale, nililisikia kwa shida.

Lakini kitanda kilichonifundisha zaidi ni cha bibi, mzaa mama. Mama yangu ni Mchaga wa Kilema, alisilimu alipoolewa na baba, na nyumba yao ya kuzaliwa imebaki ya Kikatoliki. Mwaka 2016 mama mdogo alinipigia simu kusema kwamba bibi, aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ameacha kula kabisa. Nilipofika nilimkuta binamu yangu akimlazimisha uji wa ulezi kwa kijiko, naye akikohoa baada ya kila funda. Ilinibidi nikae na binamu uani, chini ya migomba, nimweleze taratibu kwamba mwili unaokaribia kufa huacha kudai chakula, kwamba bibi hafi kwa sababu hali bali hali kwa sababu anakufa, na kwamba ule uji sasa unapita njia ya pumzi. Alilia sana, akisema watu watasema tumemuua kwa njaa. Nikampa kazi nyingine ya mikono: kipande cha pamba kilicholoweshwa maji, cha kupangusia midomo na ulimi kila baada ya nusu saa, na mafuta kidogo ya kupaka midomo isipasuke. Niligundua zamani kwamba ndugu hawezi kuambiwa tu aache kulisha. Lazima mkono wake upewe kitu kingine cha kufanya.

Jambo la pili lilikuwa maumivu. Bibi alikuwa na chupa ya mofini ya maji kutoka hospitali, lakini mjomba aliificha kwa kuamini kwamba ndiyo itakayomuua. Dawa hiyo hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kipimo kinachoanza chini na kupandishwa polepole, na ikitolewa hivyo huondoa maumivu bila kumharakisha mgonjwa. Bibi alikuwa hasemi tena kwa urefu, kwa hiyo niliyasoma maumivu usoni: mikunjo katikati ya nyusi, taya lililokazwa, na vidole vilivyolishika blanketi bila kuliachia. Tulimpa dozi yake, matone machache kwa wakati, ndani ya shavu. Baada ya muda usiofika saa moja vidole vikaliachia blanketi. Ndipo akauliza kwa sauti nyembamba kama padre ameitwa.

Padre hakuwa ameitwa. Wanajumuiya walipendekeza mara mbili, na mjomba akakataa mara zote mbili kwa hofu kwamba bibi akimwona padre na chupa ya mafuta atajua kuwa amehukumiwa kufa. Hofu hiyo nimeikuta katika nyumba nyingi za Kikatoliki, na inatokana na jina la zamani. Wazee walilelewa kuiita sakramenti hiyo mpako wa mwisho, na hivyo waliisubiri hadi mwisho, mara nyingi hadi mgonjwa asiweze tena kuungama wala kumeza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba inafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa, kwa kuwa si ya wale tu walio katika hatua ya mwisho kabisa, na taratibu mpya ya adhimisho lake ikatolewa mwaka 1972. Kwa hiyo mtu anaweza kupakwa ugonjwa unapokuwa mzito, akapata nafuu, na akapakwa tena ukizidi. Aliyekwisha kufa hapakwi. Padre akikuta mtu amefariki humwombea tu. Nimewahi kuona familia moja ikimsihi padre ampake marehemu, naye kwa uchungu akilazimika kukataa, na sikutaka hilo lirudiwe Kilema.

Padre alifika saa 10 alasiri. Alituomba sote tutoke ili bibi aungame, na tukasimama barazani bila kusema neno, tukisikia kuku tu wakiparua chini ya kahawa. Alipotuita tena aliweka mkono juu ya kichwa cha bibi akiwa kimya, na ukimya huo si mapumziko kati ya sala mbili bali ni sehemu ya ibada yenyewe. Kisha akampaka mafuta kwenye paji la uso na katika viganja. Yalikuwa mafuta ya mzeituni, yale yanayobarikiwa na askofu katika Juma Kuu. Mwisho akampa Komunyo, ambayo kwa mtu anayeondoka huitwa pamba, kwa maana ile ya kale ya chakula cha njiani. Bibi hakuweza kumeza hostia nzima. Padre akaimega chembe ndogo mno, akaiweka ulimini, na mimi nikafuata na matone ya maji. Tuliingoja ipite. Alisema kwamba angekuwa hawezi kabisa, tone la divai iliyowekwa wakfu lingetosha, na kwamba siku ambayo padre yuko mbali mhudumu wa Ekaristi anaruhusiwa kuleta pamba, ingawa mafuta hupakwa na padre au askofu pekee.

Kabla ya kuondoka alimwachia katekista kijitabu cha sala za kuwaombea wanaokufa, akamwagiza azisome polepole, kwa sauti ndogo, akiacha kimya kati ya sala na sala, na kwamba maneno mafupi yanaweza kurudiwa mara mbili au tatu kwa upole. Nilimuuliza kama huo ni ushauri wake. Akasema hapana, ndivyo ibada yenyewe inavyoelekeza. Nikamkumbuka maalim na msahafu wake uliofungwa.

Usiku ule tulikuwa watatu kitandani, mama mdogo, katekista na mimi. Mama mdogo ameolewa na Mlutheri na huabudu huko, kwa hiyo katekista alipomaliza fumbo moja la rozari yeye alisoma Zaburi ya 23, kisha tukanyamaza. Sala ya Salamu Maria bibi aliisema kila siku kwa zaidi ya miaka 70, na kila mara ilimalizika kwa maneno "sasa na saa ya kufa kwetu". Nilipoisikia ikisemwa pale nilitambua kwamba saa iliyotajwa mara zote hizo ilikuwa imefika. Mimi sikumlakinia bibi shahada. Watu wameniuliza kuhusu hilo, na mmoja alinilaumu. Lakini bibi aliomba padre, hakuomba shehe, na sikuona haki ya kutumia udhaifu wake wa mwisho kumwekea mdomoni maneno ambayo hakuyachagua alipokuwa na nguvu. Kazi yangu ilikuwa pamba na maji, na dua yangu ilibaki moyoni.

Palikuja pia kikundi cha maombi ya uponyaji, watu wema waliotoka mbali, wakaanza kukemea kifo kwa sauti kubwa. Nyusi za bibi zikajikunja papo hapo na mkono wake ukalishika blanketi tena. Niliwaonyesha ule mkono, bila kubishana nao juu ya imani, nikawaomba waombe barazani. Walikubali, na wakaendelea huko kwa sauti ya chini hadi alfajiri.

Watu huuliza kama aliyefunga macho na asiyejibu anasikia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha matokeo ya kupima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawajibu tena, wakiwa wamebakiza saa chache za kuishi, na wakakuta kwamba ubongo wa baadhi yao uliitika milio kama ule wa watu wazima wenye afya. Hilo halithibitishi kwamba walielewa maneno. Lakini kwangu linatosha kuwa sababu ya kutogombania urithi juu ya kitanda, na kutosema "bado hajafa tu?" mlangoni, neno ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Asubuhi ya siku ya pili mjomba aliingia ameshika jani la isale. Yeye na bibi hawakuwa wamesalimiana kwa karibu miaka 3 kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Kwa Wachaga, anayekuletea isale anaomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Alipiga magoti akaliweka lile jani kiganjani mwa bibi, mahali palepale alipopakwa mafuta jana yake, akasema kwa Kichaga maneno mafupi ambayo sitayaandika hapa. Akaanza kujieleza, habari za mpaka na za mpima ardhi, na mama mdogo akamgusa bega ili anyamaze. Akanyamaza. Sote tulingoja, na ilipita labda dakika nzima kabla vidole vya bibi havijafumba juu ya lile jani. Kwetu Tanga tungesema amempa radhi. Baba yangu hakupata nafasi ya kumpa mtu yeyote radhi usiku ule wa kelele, wala ndugu zake wawili wa lile shamba la minazi hawakupata nafasi ya kuiomba, kwa sababu hapakuwa na dakika moja tupu ambayo neno kama hilo lingeweza kuingia.

Jioni ya siku ya pili dalili zilikuja moja baada ya nyingine. Miguu ilipoa kuanzia vidoleni, na magoti yakapata mabaka ya rangi ya zambarau. Kooni ukaanza mkoromo uliomtisha kila mtu. Niliwaeleza kwamba ni mate ambayo mgonjwa hana tena nguvu ya kuyameza wala kuyakohoa, na kwamba uso wake ulionyooka ulionyesha kuwa hakuwa akisongwa. Tulimlaza kiubavu, na ukapungua. Kisha pumzi ikabadilika mwendo: ilikuwa ya haraka na ya kina, ikapungua, ikasimama, na baada ya kitambo ikaanza upya. Kusimama kwa kwanza kulidumu sekunde kama 15, na mama mdogo akainuka kupiga ukunga. Nilimshika mkono nikamwomba angoje. Pumzi ikarudi. Tulikaa hivyo karibu saa 7, mama mdogo akiwa ameshika mkono mmoja wa bibi na mjomba ule mwingine, wenye jani. Nilimwomba aweke mkono wake chini ya ule wa bibi, usiwe juu, ili bibi akitaka kuuondoa aweze.

Kulipokaribia kupambazuka pumzi ilisimama na haikurudi. Nilihesabu hadi dakika 5 kamili kwa saa yangu ya mkononi kabla ya kusema lolote. Katekista alisoma sala fupi ya kumkabidhi bibi kwa Mungu. Nikayafumba macho yake kwa vidole viwili, nikavibakiza pale kwa muda hadi kope zilipotulia, kama nilivyomwona maalim akifanya kwa baba, kisha nikalifunga taya kwa kitambaa cheupe kilichopita chini ya kidevu na kufungwa juu ya kichwa. Mjomba aliuliza kama alitoe jani. Mama mdogo akasema liache. Wale wa barazani walikuwa bado hawajajua, na kwa muda kidogo hakuna aliyeinuka kwenda kuwaambia.